"Bado ipo?": jibu moja la kubandika

"Nauza friji hapa Mtwara mjini. Kutwa naulizwa 'bado ipo?', nikijibu, kimya. Wengine wanataka niwawekee. Nifanyeje?"

Ndugu, hifadhi hii kwenye simu, uibandike kila ukiulizwa:

"Ipo. Bei 280,000, iko Shangani, njoo uione ikiwaka. Kuwekewa ni kwa 20,000, inakatwa kwenye bei. Nakushikia hadi kesho saa 12 jioni. Usipokuja, nauza na hiyo 20,000 hairudi. Ukikuta ina hitilafu, nakurudishia yote."

Wa Masasi au Newala mwongezee siku moja, ana safari ya basi. Mimi nilimshikia mtu kabati wiki nzima kwa maneno matupu, nikamkosa mwenye pesa mkononi. Na meseji ya muamala inaghushiwa: angalia salio kwanza, ndipo useme "nimekuwekea".