Kumwomba mwenye nyumba muda wa kodi kwa maandishi, mshahara ukichelewa

"Wakuu, nipo Mtwara mjini, nimepanga vyumba viwili na nalipa kodi ya miezi mitatu mitatu. Kodi inaisha tarehe 30 na kazini mshahara haujatoka, wanasema mteja hajawalipa. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, tunaheshimiana. Nataka kumwomba muda kwa maandishi lakini naogopa ataona kama namwandalia kesi. Naandikaje?"

Mkuu, hili lilinikuta hapo hapo Mtwara, nikiwa napanga Magomeni. Kodi ilikuwa 70,000 kwa mwezi, nalipa 210,000 kwa mkupuo. Barua ya kwanza niliyoandika iliniharibia, ya pili ndiyo iliyofanya kazi, kwa hiyo nakueleza zote mbili.

Ya kwanza niliandika kwamba nitalipa "mshahara ukitoka". Mama akaipokea vizuri tu, akaikunja akaiweka kwenye kanga. Kumbe kazini kwetu walikuwa wanalipa kwa mafungu. Wenzetu wa Lindi wakaingiziwa kwanza, na mmoja wao alikuwa ndugu yake yule mama. Jioni hiyo hiyo akanijia mlangoni: "Mwanangu, mbona wenzio wameshapokea?" Nikieleza anaona nampiga chenga. Hapo nilijifunza kwamba siku ya mshahara haimo mikononi mwangu wala mwake, na ukiifunga kodi kwenye siku hiyo, kila uvumi wa kazini kwenu unageuka kuwa deni lako. Andika tarehe ya kalenda, tena tarehe ambayo utaiweza hata kama mwajiri atakaa kimya.

Utaiwezaje na huna hela? Angalia kwanza unaomba nini hasa. Kodi yetu tunalipa kabla ya kukaa. Ile 210,000 ya Julai hadi Septemba, kwenye tarehe 30 Juni hujakaa hata siku moja ndani yake. Kwa hiyo huhitaji kuomba ukae bure miezi miwili. Unaomba kuvunja mkupuo uwe mwezi mwezi kwa awamu hii moja. Nilipomweleza mama hivyo, uso wake ulibadilika, maana alikuwa anadhani nataka kukaa nyumbani kwake bila kulipa.

Halafu muulize yeye ile hela ya mkupuo alikuwa ameipangia nini. Mimi sikuuliza mara ya kwanza. Wa kwangu alikuwa na mikorosho Nanyamba, na miezi hiyo ndiyo ya kupuliza salfa, vibarua wanataka kulipwa. Huku kwetu watu wengi wana hela kuanzia minada ya korosho ya mwezi wa kumi na kuendelea, lakini katikati ya mwaka mwenye shamba anatoa tu. Kumbe nilichokiona ni ukali kilikuwa ni shamba. Hakuhitaji yote 210,000 siku ile, alihitaji kitu mkononi mwisho wa Juni na kingine katikati ya Julai.

Tukapanga hivi. Tarehe 28 Juni, kabla kodi haijaisha, nikampa 70,000 niliyokuwa nimebakiza, ikawa ya Julai. Tarehe 20 Julai 70,000 ya Agosti, kwa sababu mke wangu alikuwa anapokea mchezo wa kina mama katikati ya mwezi huo. Tarehe 20 Agosti 70,000 ya Septemba. Ukizihesabu, hakuna hata siku moja niliyokaa bila kuwa nimeilipia. Mshahara wa Juni wenyewe uliingia tarehe 2 Agosti. Kama ningeahidi "mwisho wa Julai mshahara ukitoka", ningekuwa nimevunja ahadi ya pili.

Kuna jamaa alinishauri nikachukue mkopo wa kausha damu nimalize yote mara moja. Riba yake ingenimaliza kabla ya mshahara kutoka, na kodi ya awamu inayofuata ingenikuta nalipa mkopo.

Barua yenyewe ilikuwa fupi, mwandiko wa mkono, nakala mbili:

"YAH: OMBI LA KULIPA KODI KWA AWAMU, JULAI HADI SEPTEMBA. Shikamoo mama. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi mpangaji wako wa vyumba viwili vya uani, kodi niliyolipa inaishia tarehe 30 Juni. Mshahara wangu wa Juni haujalipwa, nimeambatanisha barua ya mwajiri. Naomba kodi ya miezi mitatu ijayo, jumla 210,000, niilipe hivi: 70,000 leo tarehe 28 Juni kwa ajili ya Julai, 70,000 tarehe 20 Julai kwa ajili ya Agosti, 70,000 tarehe 20 Agosti kwa ajili ya Septemba. Nikizingatia tarehe hizi, mkataba wetu unaendelea kama ulivyo na kodi haibadiliki mpaka Septemba iishe. Baada ya hapo tunarudi kulipa miezi mitatu mitatu. Fedha nitatuma kwenye namba yako mwenyewe."

Chini nikaacha nafasi: "Nimekubali", jina, sahihi, tarehe, na shahidi mmoja.

Sentensi ya namba ya simu usiione ndogo. Kijana wake alikuwa anapita kukusanya kodi, na mara nyingine hela ilikuwa inafika pungufu. Kulipa kwenye namba ya mama kulinipa ujumbe wa muamala wenye jina lake na tarehe, nao ndio risiti.

Barua ya mwajiri usiombe maneno mengi. Afisa utumishi wetu aligoma kuandika lini watalipa, na sikumlaumu. Aliandika tu kwamba mimi ni mfanyakazi wao na mshahara wa Juni haujalipwa. Hiyo inatosha, kazi yake ni kuonyesha husemi uongo.

Kuhusu kuogopa ataona kesi: usitangulize karatasi. Nenda jioni, kaa kwenye mkeka, zungumza mpaka mkubaliane, ndipo useme, "Mama, tuandike tusije tukasahau tarehe." Shahidi wangu alikuwa jirani mtu mzima anayemheshimu. Kwa mwenyekiti wa mtaa sikwenda, na nadhani ukianzia huko utamuudhi, maana watu huenda kule wakiwa wameshagombana. Kama hajui kusoma, asomewe na mtu wake mwenyewe, si wewe, kisha aweke dole gumba.

Akikataa kusaini lakini amekubali kwa mdomo, mtumie maneno hayo hayo kwa ujumbe wa simu siku hiyo hiyo na umwombe ajibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Akinyamaza, huna makubaliano, una ombi tu.

Usikubali kuandika "nakiri kudaiwa 210,000". Kijana wake alitaka iwe hivyo. Karatasi ya namna hiyo inageuza miezi ambayo bado hujakaa kuwa deni la leo, na ukihama Agosti bado itakudai ya Septemba.

Sasa kabla hujaandika chochote, toa mkataba wako uangalie kama kinachoisha tarehe 30 ni kodi tu au mkataba mzima. Kama ni mkataba, barua hii haitakusaidia peke yake, maana hakuna upangaji wa kuendeleza. Itabidi kwanza mkubaliane unaendelea kupanga na kwa bei gani, ndipo mpange tarehe za kulipa. Tuambie imeandikwaje hapo.