Umahiri 10 kati ya 12: apande au abaki?

*"Wakuu, natunza ripoti za wanafunzi wa umeme wa majumbani kwenye chuo kidogo cha ufundi hapa Lindi. Kiwango chetu cha kupanda hatua ni umahiri 10 kati ya 12. Mmoja ana 10, mwenzake ana 9. Wa 10 apande, wa 9 abaki? Halafu kompyuta inanipa idadi pungufu kuliko nikihesabu kwa mkono. Shida ni nini?"*

Mkuu, nafundisha fani hiyohiyo huku Masasi. Kabla hujaamua lolote, angalia kilichoandikwa kwenye visanduku ambavyo havina M.

Kwetu M ni amemudu, B ni amepimwa na bado hajamudu, na kisanduku kitupu maana yake hajapimwa. B na kitupu zote hazihesabiwi, lakini ni habari mbili tofauti kabisa. Huku Kusini korosho zikianza kuuzwa watu wanajenga, na vijana wanachukuliwa kwenda kufunga umeme kabla hatujamaliza kuwapima. Basi ripoti inabaki na mapengo. Ukilisoma pengo kama B, umemhukumu kijana kwa kazi ambayo hujamwona akiifanya.

Nikupe mfano wa vijana wawili wa kwangu waliolingana na hao wako. Wa kwanza alikuwa na M 10 na B 2. B moja ilikuwa kukadiria vifaa, hiyo haikunisumbua. Ya pili ilikuwa kupitisha laivu kwenye swichi: aliikata nyutro badala ya laivu. Taa ilizimika vizuri, mwenye nyumba angeridhika, ila holda ilibaki na umeme, na atakayepanda ngazi kubadilisha balbu ndiye angeugundua. Sikumpandisha. Kwa umeme tumeweka umahiri 3 ambao haufidiwi na mwingine wowote: kukata umeme na kuthibitisha kuwa haupo, kuunganisha waya wa athi, na laivu kupita kwenye swichi. Hata angekuwa na 11, B moja hapo inamzuia.

Wa pili alikuwa na M 9, hana B hata moja, ana vitupu 3. Huyo uamuzi wake ni asubiri apimwe, maana kubaki ni neno la mtu aliyepimwa akashindwa. Tulimpima vile 3, akamudu 2, akafika 11, na zile za lazima zote alikuwa nazo. Akapanda, huku yule wa 10 akibaki.

Kuhusu kompyuta: mara nyingi tatizo ni nafasi iliyobonyezwa baada ya herufi. Jicho linaona M, lakini Excel inaona M na nafasi, kwa hiyo haihesabu. Herufi ndogo haina shida. Wengine huandika alama ya vema au "ndiyo", nazo zinapotea vilevile. Dalili ni hii: jumlisha M, B na vitupu vya mwanafunzi mmoja. Isipofika 12, kuna kisanduku chenye kitu cha ajabu. Kwangu umahiri wa lazima uko C hadi E, mwingine F hadi N, na fomula ni hii:

```
=IF(COUNTIF(C5:E5,"B")>0,"ARUDIE",
IF(COUNTIF(C5:N5,"M")+COUNTIF(C5:N5,"B")<12,"ASUBIRI",
IF(COUNTIF(C5:N5,"M")>=10,"APANDE","ARUDIE")))
```

Inaanza na za lazima, kisha inauliza kama visanduku vyote 12 vimejazwa sawasawa, ndipo inatazama kiwango. Kama hakuna B kwenye za lazima, kisanduku kitupu au chenye uchafu kinaleta ASUBIRI, hivyo hakuna anayepanda wala kurudia kwa kosa la uandishi. Lakini kama mtaala wenu unataka umahiri wote umudiwe, weka 12 mahali pa 10. Kiwango chenu cha ndani hakiwezi kuushinda mtaala.

Fomula haijui M ilipatikanaje. Kuthibitisha kwamba umeme haupo, kwa mfano, ni hatua 3: unajaribu kipimo mahali unapojua pana umeme, unapima waya unaotaka kuushika, kisha unarudi kujaribu kipimo palepale pa kwanza, kwa sababu huenda kimekufa katikati ya kazi. Kijana aliyegusisha testa mara moja akasema "hamna" hajamudu, hata kama kweli umeme haukuwepo. Mimi siandiki M kwenye zile 3 mpaka nimemwona akifanya kwa siku mbili tofauti bila kukumbushwa, na tarehe zote naziandika kwenye daftari lake la kazi.

Na huyo wako wa 10, ikionekana B yake iko kwenye za lazima, asirudie hatua nzima. Arudie umahiri huo tu, apimwe upya, kisanduku kibadilishwe na tarehe mpya. Kwenye ripoti ya mzazi usiandike "10/12" peke yake. Andika jina la kazi aliyobakiza na siku atakayopimwa tena.