Vituo sita vinatosha

Juzi kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Kaka, nataka kuanza kuwatembeza wageni mjini kwetu. Nianzie wapi?" Nilimpigia simu tukazungumza, kisha nikaona niandike na hapa, maana najua wengi wenu mna hamu hiyo hiyo.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Matembezi yangu ya kwanza yalikuwa na vituo kumi na vinne, na tulianza saa nne asubuhi. Nilitaka kusema yote niyajuayo. Ilipofika saa sita jua lilikuwa la utosi, wageni wamejibanza ukutani kutafuta kivuli, na mama wa mahamri keshafunga, sufuria ya mbaazi imeshaoshwa. Watu wanne waliokuja kuonja chakula cha Mvita wakaishia kununua soda. Kampuni iliyowaleta haijanilipa hadi leo, wala haikunipigia tena. Bado inaniuma.

Lililoniuma zaidi lakini ni swali. Pale Ngomeni nilieleza kwamba Waomani waliizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno, "kwa miaka mingi". Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza: mingapi? Nikababaika. Nilikuwa nimeyasikia kwa waongozaji wenzangu tu. Usiku ule nilikaa kusoma. Waomani walianza kuizingira Machi 1696, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Ndani yake maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko vita vyenyewe. Tangu siku ile sisemi neno ambalo siwezi kumwambia mgeni nimelisoma wapi.

Sasa naanza saa kumi kasorobo, watu sita tu, vituo sita. Saa hiyo jua limeshuka, na nyumba za pande mbili zinatia kivuli njiani. Mbele ya ngome nasimulia kisa kimoja tu, cha Yusuf bin Hasan. Wareno walimlea Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha kuwa mfalme wa Mombasa. Mwaka 1631 akawageukia, akamuua kapteni wao ndani ya ngome ile ile, akarudi katika Uislamu. Naonyesha lango, nasimulia, nanyamaza. Mgeni akitaka habari za mbunifu wa Kiitaliano na ujenzi wa 1593 hadi 1596, ataniuliza.

Kutoka hapo tunaingia Ndia Kuu. Hapa naeleza jina, kwamba Kimvita husema "ndia" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njia". Wageni wa Nairobi hulipenda hilo kuliko tarehe zote. Huko huko tunatazama milango ya kuchonga. Halafu Msikiti wa Mandhry tukiutazama kwa nje, na Bandari ya Kale. Ramadhani matembezi huanza baada ya futari, kwa sababu mchana hakuna cha kuonja na si adabu kula mbele ya waliofunga.

Chakula nakiweka kituo cha tatu na cha sita. Cha tatu ni viazi karai, vilivyochovywa kwenye unga wenye manjano na kukaangwa, na lazima mgeni avile vikitoka mafutani, na chatne ya ukwaju. Vikipoa ganda hulegea na kunywa mafuta, ndiyo maana nampigia muuzaji simu tukiwa bado Ndia Kuu. Cha sita ni kahawa chungu kutoka kwenye dele, na kashata. Chumvi kwanza, tamu mwisho. Ukianza na halua, hakuna atakayeonja viazi. Na kabla hatujaanza nauliza nani hawezi kula karanga, kwa kuwa kashata nyingi zina karanga.

Pesa ya chakula namlipa muuzaji mwenyewe, mapema, kwa bei anayomuuzia jirani yake. Mgeni akilipa mkononi, bei itapanda, na kesho yake jirani atauziwa bei hiyo ya mgeni. Nimeona hilo likitokea kwenye kona moja ya mtaa wetu, na wazee wakalalamika kwa haki. Ndugu zangu, mtaa si wenu peke yenu. Waombeni ruhusa waliokaa barazani kabla ya kupiga picha, na kateni leseni, kwa sababu hapa Kenya mwongozaji wa watalii anatakiwa kuwa nayo kisheria.

Yule wa Tanga nilimwambia asianze na orodha. Aende Ras Kazone jioni, asimame ufukweni walikoteremka askari wa Kihindi na wa Kiingereza Novemba 1914 kupigana na Wajerumani, asimulie kisa kimoja tu, cha nyuki waliowavamia watu vitani. Kisha ahesabu dakika za kutembea kutoka hapo hadi mahali pa kwanza penye chakula cha moto.