Barua pepe ya kuwaita kwenye usaili

"Nina wasailiwa 6 wa nafasi ya mhasibu, Dodoma. Niwaandikieje, na asiyeweza siku hiyo?"

Mwandikie kila mmoja barua yake, asione anwani za wenzake. Linaloponza zaidi ni saa: ukiandika "saa 9:00" ukimaanisha asubuhi, mwingine atakuja alasiri. Andika "Jumanne, saa 3:00 asubuhi", kisha jengo, ghorofa na chumba. Jopo litaje kwa idadi na vyeo. Aje na vyeti halisi, nakala zake na kitambulisho cha NIDA. Kuhusu kubadili siku: "Jibu kabla ya Ijumaa saa 10:00 jioni, ukichagua Jumatano au Alhamisi, saa 4:00 asubuhi." Nafasi hizo 2 ziwekee jopo kwanza, la sivyo utaahidi usichonacho.

— Mimi huwapigia simu tu, inatosha.

— Simu inathibitisha kwamba ameipata barua, ila jina la chumba atalisahau.