Kabla hujauza kwa kuiogopa VIX

Msomaji mmoja aliyeko Doha ameniandikia: “Kaka, VIX ikipita 30 niuze mfuko wangu wa S&P 500?” Swali hilihili liliwahi kunigombanisha na wenzangu. Tarehe 5 Agosti 2024, VIX iliporuka, kundi zima la uwekezaji liliniita mkaidi kwa kukataa kuuza, na mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi. Sawa.

VIX ni kipimo cha mtikisiko ambao soko linautarajia kwa S&P 500, fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani. Hukokotolewa na Cboe, soko la opsheni la Chicago. Opsheni ni mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema. Haipimi hisa ziliyumba kiasi gani jana. Inakusanya bei za opsheni za S&P 500: za kuuza kwa bei iliyo chini ya kiwango cha sasa cha fahirisi, na za kununua kwa bei iliyo juu yake. Huchukuliwa zilizobakiza kati ya siku 23 na 37 kabla ya kuisha muda, kisha huchanganywa ili kupata makadirio ya siku 30. Uzito wa kila opsheni hupungua kadiri bei iliyopangwa kwenye mkataba wake inavyokuwa juu, kwa hiyo zile za kujikinga na anguko kubwa zina sauti kuliko wengi wanavyodhani.

Namba inayotoka ni ya mwaka. Ukiona 20, igawe kwa kipeuo cha pili cha 12 upate karibu 5.8, yaani asilimia ya kuyumba kwa mwezi, juu au chini. Upande haitaji.

Sasa jambo ambalo wenzangu hawakutaka kulisikia. Bei inayotumika si lazima iwe ya biashara iliyofanyika. Ni katikati ya anachotoa mnunuzi na anachodai muuzaji. Tuseme opsheni ya mbali ya kuuza ina mnunuzi wa dola 0.50 na muuzaji wa 0.70. Katikati ni 0.60. Asubuhi ya hofu muuzaji anadai 5 ili kujihami, mnunuzi yuko palepale. Katikati inaruka hadi 2.75, na huenda hakuna mkataba hata mmoja ulionunuliwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa siku ile ya 5 Agosti. Kabla soko la New York halijafunguliwa VIX iligusa 65.73, ilifunga kwenye 38.57, na S&P 500 ilishuka takriban asilimia 3. Hofu ilikuwepo, lakini si ya 65.

Kwa hiyo ushauri wangu: tazama saa kwanza. Kama New York bado imefungwa, linganisha na bei za mikataba ya baadaye ya VIX, ambayo watu huifanyia biashara leo kwa kukadiria VIX ya siku zijazo. Asubuhi ile bei hizo hazikupanda sana kama VIX yenyewe. Pia kumbuka kwamba kwa kawaida VIX huzidi mtikisiko unaokuja kutokea, kwa sababu anayeuza kinga hudai malipo ya kubeba hatari. Ikisoma 30, bei hiyo ya kinga imo ndani yake.