Tarehe za kifungo cha Kenyatta

"Wakuu, Kenyatta alifungwa miaka 7 au 9? Wanafunzi wangu hapa Mbale wamenibana, vitabu havilingani."

Mwalimu, tenganisha kifungo na kizuizi. Alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, ndiyo maana wengine huandika 20, siku hali ya hatari ilipotangazwa. Kesi ilisikilizwa Kapenguria, si mbali na huku kwetu Amudat, na tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Thacker akamhukumu miaka 7 na kazi ngumu.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Ukijumlisha 7 unapata 1960, lakini kifungo cha Lokitaung kiliisha Aprili 1959 kwa sababu alipunguziwa. Hata hivyo hakurudi nyumbani: alipelekwa Lodwar chini ya kizuizi, na mwaka 1961 akahamishiwa Maralal. Alifikishwa Gatundu 14 Agosti 1961, akaachiwa rasmi tarehe 21. Wanaosema 9 wanahesabu yote hayo, ingawa kwa kweli haifiki 9 kamili.

Kwa mtihani, waandike: hukumu miaka 7, kunyimwa uhuru karibu miaka 9. Uwaziri mkuu ulikuja 1 Juni 1963.