Sauti ya juu kwenye "Yesu Kwetu ni Rafiki"

"Mama, shikamoo. Kwaya yetu ni watu wachache na hakuna anayesoma noti vizuri. Nimeongeza sauti ya juu kwenye Yesu Kwetu ni Rafiki: kila noti ya wimbo nimehesabu ya tatu kwenda juu. Lakini mwanzo tu inagongana na kinanda. Shida iko wapi?"

Marahaba mwanangu. Shida iko kwenye noti ya kwanza kabisa. Wimbo unaanza na s, na ya tatu kwenda juu yake ni t. Wakati huohuo kinanda kinapiga kordi ya do, yaani d, m na s. Hiyo t iko nusu toni tu chini ya d¹, na hapo ndipo masikio yanapokwaruzwa. Kwa hiyo usihesabu tu, tazama na kordi iliyo chini. Noti ya tatu ikiwa ndani ya kordi, iimbe. Isipokuwemo, na wimbo umekaa hapo, panda hatua moja zaidi uichukue ya nne. Noti za kupita haraka zisikusumbue.

Mstari wa kwanza basi unaanza hivi:

Wimbo: s s l s m d d l₁
Juu: d¹ d¹ d¹ d¹ s m f d

Angalia neno "rafiki". Silabi "ra" na "fi" wimbo umesimama kwenye d, lakini kinanda kimehama kutoka kordi ya do kwenda kordi ya fa. Sauti yako ya juu inatoka m kwenda f, kisha d juu ya l₁. Ukiwaacha wabaki kwenye m, "fi" itasikika chungu. Wafundishe silabi hizo tatu peke yake, polepole, mpaka wazoee kupanda wakati wenzao wametulia.

Na unamalizika hivi:

Wimbo: s₁ d m d s m r
Juu: d m s m d¹ s s

Ile r ya mwisho ni ndefu. Ya tatu yake ni f, na si kosa, ila inaacha sentensi ikining'inia. Mimi napenda s, maana waimbaji tayari wako juu yake na hawana pa kutafuta.

Mstari wa tatu waimbe wote sauti moja. Una noti iliyopandishwa nusu toni katikati ya r mbili, na kwaya ndogo ikiifuata kwa sauti mbili huyumba. Isitoshe, sauti zikikutana hapo, mstari wa nne unaporudisha sauti ya juu unasikika mpya. Huo wa nne, sawa na wa pili, unaanza kama wa kwanza, na mwisho wake ni huu:

Wimbo: s₁ d m r d t₁ d
Juu: d m s f m r m

Kuanzia m ya wimbo hadi mwisho ni za tatu tupu, zote zinashuka pamoja, kisha zinapanda pamoja kwenye noti ya mwisho. Anza kufundisha hapa, si mwanzo wa wimbo. Wakishapata utamu wa sehemu hii, mengine hayatakuwa mzigo.

Sasa ufunguo. Vitabu vingi vinaupiga katika F, na d¹ yako itakuwa F ya juu; watu wasiozoea wataipigia kelele. Shusha hadi D. Hapo s₁ itakuwa chini kidogo kwa wanawake. Ukiona wimbo umefifia kwenye s₁, panda nusu toni, usizidi hapo.

Wape sauti ya juu wawili au watatu wenye sauti nyepesi, wala usichague yule anayesikika mpaka barabarani. Wimbo wenyewe ndio lazima utawale. Mgeni akiingia kanisani asiwe na shaka ni upi. Wafundishe sauti ya juu kama wimbo unaojitegemea, bila ya kwanza kuwepo, mpaka waimbe ubeti mzima bila kukutazama. Kisha waunganishe na wenzao kwa kuguna tu, midomo imefungwa, ndipo maneno yaingie.

Dalili ya kwamba hawajaiva ni kuteleza. Kwa kawaida hutelezea kwenye d¹ nne za mwanzo: wanapanda vizuri, na kwenye l ya wimbo mmoja anavutwa chini. Usiwasahihishe ubeti mzima. Rudia silabi nne hizo, Yesu kwetu, wao wakishikilia d¹ na wengine wakienda s s l s. Halafu zima kinanda uwasikilize. Wakifika mwisho wa ubeti, bonyeza D: wakiwa wameshuka, sauti ya juu imechoka, na ubeti wa kwanza na wa tatu uimbwe kwa sauti moja ili wapumzike.

Nitumie rekodi ya mazoezi kwenye simu, hata kama ni mbaya. Wasalimie watoto.

Mama yako